Mvuvi, Karabai na Amri ya Kutotoka Nje

Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020, umati kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, ulikuwa wa watu wanaokimbizana na saa. Kuanzia saa moja jioni siku hiyo, amri ya kutotoka nje usiku, ile ambayo Wakenya tunaiita kafyu, ingeanza kutumika nchi nzima ili kupunguza kasi ya korona. Kila aliyefanya kazi kisiwani na kulala ng'ambo alitaka kuvuka mapema. Saa moja ilikuwa haijafika polisi walipoanza kurusha mabomu ya machozi na kuwacharaza watu virungu. Waliokuwa wakikohoa na kutokwa na machozi walisukumwa pamoja, wakalazwa chini wakiwa wamebanana. Amri ilitolewa ili watu wasikaribiane. Siku chache tu baadaye, mtaani Kiamaiko jijini Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao wakati polisi wakisimamia kafyu hiyo hiyo, akafa.

Chama cha Mawakili wa Kenya, LSK, kilikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 16 Aprili 2020, Jaji Weldon Korir akatoa hukumu ambayo hadi leo watu wengi huieleza kinyume. Alisema kafyu yenyewe ilikuwa halali. Alisema pia kwamba nguvu ya kupita kiasi iliyotumika kuisimamia ilivunja Katiba. Na akamwamuru waziri arekebishe orodha ya watu wanaoruhusiwa kutoka, iwaingize mawakili na maofisa wa IPOA, mamlaka huru inayochunguza mwenendo wa polisi, kwa sababu aliyekamatwa usiku anahitaji wakili usiku huo huo, na anayepigwa usiku anahitaji mtu wa kumchunguza anayempiga.

Nimewasikia watu wakisema jaji alikaa katikati ya ua, akaipa kila upande kipande chake. Sikubaliani nao. Alifanya kile ambacho kila mwanafunzi wa sheria ya katiba hufundishwa, na ambacho wengi hukosea kwenye mtihani: aliikata amri vipande, akakipima kila kipande peke yake. Ningependa kuonyesha upimaji huo unavyofanyika, na njia nzuri ninayoijua ni kupitia swali ninalowapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili kila muhula. Nimelitunga mwenyewe, kaunti yake haina jina na watu wake hawapo. Sheria zinazolijibu ni za kweli.

Swali lenyewe liko hivi. Katika kaunti moja ya pwani ya Kenya, watu wenye silaha wameshambulia magari mara tatu ndani ya wiki mbili. Mashambulizi yote yametokea kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwenye kipande cha barabara cha kilomita 30 kinachopita msituni. Watu 11 wameuawa. Waziri wa usalama wa ndani, kwa ushauri wa Inspekta Jenerali wa Polisi, anatoa amri chini ya kifungu cha 8 cha Sheria ya Utulivu wa Umma: katika kaunti nzima, mtu yeyote asitoke nje kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa siku 90. Anayetaka kutoka apate kibali cha maandishi kutoka makao makuu ya polisi ya kaunti, ambayo yako mjini, siku za kazi. Atakayekamatwa akiikiuka amri atazuiliwa hadi siku 90 ziishe, bila kufikishwa mahakamani. Rais hajatangaza hali ya hatari.

Walalamikaji ni wawili. Wa kwanza ni mvuvi wa dagaa katika kisiwa kilicho kilomita 40 kutoka kwenye msitu ule. Dagaa huvuliwa usiku, giza la mwezi, kwa mwanga wa taa unaowavuta juu hadi kwenye wavu. Mchana hakuna dagaa wa kuvua. Wa pili ni mkunga wa kijiji kimoja cha bara, aliyekamatwa saa tano usiku akielekea kwa mama aliyeshikwa na uchungu. Yuko kizuizini siku ya sita sasa. Je, amri inavunja Katiba?

Karibu nusu ya darasa huanza kwa kuandika maneno "hali ya hatari". Hapo ndipo alama za kwanza hupotea. Katiba ya Kenya ya 2010 ina milango miwili tofauti ya kupunguza haki za watu, na lazima kwanza ujue serikali imepita mlango upi.

Mlango wa kwanza ni Ibara ya 24, na huu uko wazi siku zote, nchi ikiwa shwari au haiko. Unasema haki inaweza kuwekewa mipaka kwa sheria, na kwa kiwango tu ambacho ni cha busara na kinaweza kutetewa katika jamii huru ya kidemokrasia inayoheshimu utu, usawa na uhuru. Haki haiondoki, inapunguzwa mahali fulani, kwa sababu fulani, na anayeipunguza anadaiwa maelezo.

Mlango wa pili ni Ibara ya 58, na huo hufunguliwa na Rais kwa kutangaza hali ya hatari: vita, uvamizi, uasi, machafuko, janga la asili au dharura nyingine ya umma. Ukishafunguliwa, serikali inaweza kwenda mbali zaidi na kuziweka kando baadhi ya haki kwa muda, ilimradi dharura yenyewe inalazimisha hivyo. Kwa kuwa ni mlango wa hatari, una makufuli mengi, na nitayarudia mbele.

Mwaka 2020 Kenya haikuupita mlango wa pili. Kafyu ya korona ilitoka kwa waziri, chini ya kifungu kile kile cha 8. Katika swali letu pia Rais hajatangaza chochote. Kwa hiyo jibu zima linakaa chini ya Ibara ya 24, na serikali haiwezi kusimama mahakamani na kusema "ilikuwa dharura" kana kwamba neno hilo pekee ni ufunguo.

Hatua inayofuata ni ya kuuliza haki gani imeguswa. Hii haina mzozo. Ibara ya 39 inampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako, na kumfungia mtu ndani saa 12 kila siku ni kuupunguza uhuru huo. Mwanafunzi anayetumia kurasa mbili kuthibitisha jambo hili anapoteza muda wake.

Kisha swali la sheria. Ibara ya 24 inataka kila mpaka uwe umetokana na sheria, na hapa sheria ipo: kifungu cha 8 kinamruhusu waziri kuamuru watu wabaki ndani ya makazi yao, isipokuwa wenye kibali cha maandishi. Wanafunzi wengi hufurahia kukipata kifungu, wakakifunga kitabu. Nawaomba waendelee kukisoma. Kifungu hicho hicho kina sharti dogo ambalo karibu kila mtu hulipita: kafyu inayoingia ndani ya mwanga wa mchana haiwezi kudumu zaidi ya siku 7, na ikizidi saa 10 mfululizo za mchana haiwezi kuzidi siku 3.

Sasa angalia saa za amri yetu. Inaanza saa kumi na mbili jioni. Yeyote aliyekulia pwani anajua kwamba saa hiyo mwanga bado upo. Watoto bado wanacheza mpira ufuoni na wachuuzi wa mahamri wa jioni ndiyo kwanza wanachangamka. Kwa kusogeza mwanzo wa kafyu ndani ya mwanga, waziri amejifunga mwenyewe kwenye siku 7. Siku ya nane amri yake haina sheria ya kusimamia, na mahakama inaweza kuishia hapo hapo bila kugusa neno uwiano. Kafyu ya Machi 2020 ilianza saa moja jioni ikaisha saa kumi na moja alfajiri. Ukiiweka kando ya sharti hili unaona umuhimu wa saa hiyo moja ya tofauti.

Tuseme waziri anaitambua kasoro hiyo, anaisogeza amri ianze saa moja jioni na kuishia saa kumi na moja alfajiri. Sheria sasa ipo. Hapo ndipo tunaingia kwenye kiini cha swali, kipimo cha uwiano.

Kipimo hiki kilipata umbo lake maarufu katika Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 1986, katika kesi ya Oakes, na mahakama za Kenya hukitumia pamoja na orodha ya mambo iliyomo kwenye Ibara ya 24 yenyewe. Kwa lugha ya nyumbani kinauliza maswali manne yanayofuatana. Unataka kufikia nini, na je, ni jambo lenye uzito? Hatua uliyochukua inaelekea huko kweli? Hapakuwa na njia nyingine ya kufika inayoumiza watu kidogo zaidi? Na hata kama haikuwapo, je, unachopata kinazidi unachoharibu? Ukikwama kwenye swali lolote, amri inaanguka.

Kabla ya kujibu, kuna jambo moja linalobadilisha kila kitu. Ibara ya 24 inasema anayetaka kutetea mpaka ndiye anayepaswa kuthibitisha. Si mvuvi anayepaswa kuionyesha mahakama kwamba bahari yake ni salama. Ni serikali inayopaswa kuonyesha kwa nini inamhitaji mvuvi abaki ndani. Na kuthibitisha maana yake ni ushahidi: kumbukumbu za vituo vya polisi, ramani ya mashambulizi, saa zake, idadi ya doria zilizopo na maelezo ya kwa nini hazitoshi. Kiapo cha ofisa kinachosema tu kwamba "usalama wa taifa unahitaji" hakijibu swali hata moja kati ya yale manne.

Lengo, basi. Watu 11 wamekufa. Kulinda uhai ni lengo zito, na mwanafunzi anayejaribu kulipuuza ili amtetee mvuvi anadhoofisha jibu lake. Serikali inashinda swali la kwanza, na inastahili kulishinda.

Uhusiano kati ya hatua na lengo ni wa kugawanya. Kuizuia barabara ya msituni kati ya saa tatu na saa tisa usiku kunahusiana moja kwa moja na mashambulizi: magari yasipopita, hakuna wa kuvamiwa. Lakini mvuvi yuko baharini, kilomita 40 kutoka msituni, na hakuna shambulio lililotokea majini. Kumfungia kunamlinda nani, na dhidi ya nini? Serikali inaweza kudai kwamba washambuliaji hutoroka kwa mashua. Ni dai linalowezekana. Pwani ya Kenya imewahi kuona uvuvi wa usiku ukizuiwa huko Lamu kwa sababu za usalama, na wavuvi wake waliishi na gharama hiyo. Ila dai linahitaji ushahidi, na katika maelezo ya swali hakuna hata mstari mmoja unaotaja mashua. Mwanafunzi hodari hapa haandiki "serikali inadanganya". Anaandika kwamba kwa ushahidi uliopo, sehemu ya amri inayohusu bahari haina uhusiano na lengo, na inaweza kupata uhusiano huo iwapo ushahidi utaletwa.

Mwaka mmoja, mwanafunzi mmoja alisimama akaniuliza, "Mwalimu, kwani jaji anajua usalama kuliko polisi? Si awaachie wenye kazi yao?"

Ni swali la haki kabisa, na mahakama huliuliza pia. Katika kesi ya 2020 Jaji Korir aliipa serikali nafasi pana. Ugonjwa ulikuwa mpya, sayansi yake ilikuwa haijatulia, na aliegemea kanuni ya tahadhari: panapokuwa na tishio la madhara makubwa, serikali hailazimiki kungoja uhakika kamili ndipo ichukue hatua. Nilimjibu mwanafunzi yule kwamba jaji hapangi doria. Anachofanya ni kumuuliza mwenye doria akueleze, kwa maneno ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyafuata, kwa nini doria yake inapita mlangoni kwa huyu. Nafasi anayopewa mtaalamu ni kubwa pale ujuzi unapokosekana. Katika swali letu ujuzi upo: tunajua barabara, tunajua saa, tunajua mashambulizi ni matatu. Kadiri taarifa zinavyokuwa nyingi, ndivyo nafasi ya kukisia inavyopungua.

Swali la tatu ndilo linaloamua kesi nyingi za kafyu, na ndilo ninalowataka wanafunzi walikalie. Je, palikuwapo njia inayoumiza kidogo zaidi? Jibu baya huishia kusema "serikali ingeweza kuongeza polisi". Hilo ni rahisi kusema na jaji hawezi kulipima. Jibu zuri huichukua amri na kuitazama kwa pande zake nne: eneo, saa, watu na muda. Kila upande una kamba inayoweza kulegezwa bila lengo kupotea.

Kwa eneo, amri imefunika kaunti nzima ilhali hatari iko kwenye kilomita 30 za barabara. Inawezekana kuifunga barabara hiyo usiku, au kuyasafirisha magari kwa msafara wenye ulinzi, na kuziweka chini ya kafyu tarafa zinazopakana na msitu peke yake. Hii si nadharia ya darasani. Machi 2021 serikali ya Kenya yenyewe ilizitenga kaunti tano, zikiwamo Nairobi na Nakuru, ikaziwekea kafyu ya kuanzia saa mbili usiku huku kwingineko ikianza saa nne. Juni mwaka huo ikazibana kaunti 13 za magharibi na kuziacha nyingine. Serikali inayoweza kuchora mpaka wa ugonjwa, ambao hupanda matatu na kushuka itakapo, itapata shida kueleza kwa nini haiwezi kuchora mpaka wa majambazi walio katika msitu mmoja.

Kwa saa, mashambulizi ni ya kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Ukiongeza saa moja mbele na saa moja nyuma kwa tahadhari, unapata kafyu ya saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri. Saa mbili zinazorudi kwa wananchi ni ndogo machoni pa mtu mwenye mshahara. Kwa muuza samaki wa kukaanga, jioni hiyo ndiyo biashara yenyewe.

Kwa watu, amri haina orodha ya wanaoruhusiwa. Ina kibali tu, na kibali kinatolewa mjini, siku za kazi. Mkunga hajui leo nani atashikwa na uchungu usiku wa Jumamosi. Kibali kisichoweza kupatikana wakati kinapohitajika ni sawa na kutokuwapo. Hapa hukumu ya 2020 inasaidia sana, kwa sababu tatizo lilikuwa la aina hiyo hiyo: kafyu ilikuwa halali, orodha yake ikawa na pengo, na mahakama ikaamuru pengo lizibwe ndani ya siku tano bila kuibomoa kafyu nzima. Kwa mkunga, dawa ni kuiongeza sekta ya afya kwenye orodha. Kwa mvuvi, inaweza kuwa daftari la usajili la kamati ya wavuvi ya ufuo wake, ile BMU, ambayo tayari inajua chombo ni cha nani, nahodha ni nani na kimeondoka saa ngapi.

Kwa muda, siku 90 zimewekwa kwa mkupuo bila siku ya kutathmini katikati. Mashambulizi yakikoma wiki ya pili, watu wataendelea kufungiwa wiki kumi na moja zaidi kwa hatari iliyokwisha. Kafyu ya 2020 iliwekwa kwa siku 30 kwanza, kisha ikaongezwa kwa vipindi, na kuanzia tarehe 7 Juni 2020 saa zake zikapunguzwa zikaanza saa tatu usiku. Unaweza kubishana na kila uamuzi wa njiani, lakini angalau kulikuwa na njia ya kubishania.

Baada ya hapo swali la nne, la kulinganisha faida na hasara, karibu linajijibu. Ukilegeza kamba zote nne na bado barabara ya msituni ikawa imelindwa vile vile, basi maumivu yote ya ziada aliyopewa mvuvi na mkunga hayakununua usalama wowote. Jibu ninalolipa alama za juu halisemi "kafyu ni batili" wala "kafyu ni halali". Linasema kafyu kwenye tarafa zinazopakana na msitu, saa za hatari, inaweza kusimama. Kuitandaza kaunti nzima na baharini, kwa siku 90, bila kuwaruhusu wa afya, hakuwezi.

Kuna sehemu moja ya amri ambayo sijaigusa kwa makusudi, kwa sababu haipimwi hata kidogo. Mkunga yuko kizuizini siku ya sita bila kuonana na hakimu. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Na Ibara ya 25 inataja haki ambazo hazipunguzwi kwa sababu yoyote: kutoteswa wala kutendewa ukatili, kutofanywa mtumwa, kuhukumiwa kwa haki, na haki ya kumtaka anayekuzuilia akulete mbele ya mahakama. Kwa hizo hakuna maswali manne. Serikali haiulizwi lengo lake lilikuwa zuri kiasi gani. Kila mwaka napata karatasi inayopima kizuizi cha mkunga kwa uwiano, hatua kwa hatua, kwa mwandiko mzuri, na inaniuma kuikata alama, kwa sababu mwanafunzi amefanya kazi nyingi kuweka kwenye mizani kitu ambacho Katiba imekiondoa mizanini.

Hapo ndipo virungu vya Likoni vinapoingia pia. Kumpiga mtu aliyelala chini si "utekelezaji mkali" wa mpaka halali. Ni jambo jingine kabisa, na ndiyo maana jaji aliweza kuiacha amri isimame na kuyaangusha matendo. Mwanzoni mwa Juni 2020 IPOA ilisema imepokea taarifa za vifo 15 vilivyohusishwa na usimamizi wa kafyu. Hakuna aya ya amri ya waziri iliyoruhusu hata kimoja.

Mwisho wa swali huwa naongeza sehemu ya pili: je, jibu lingebadilika kama Rais angekuwa ametangaza hali ya hatari? Wengi hudhani kila kitu kingegeuka. Kingegeuka kidogo tu. Tangazo na kila hatua inayotokana nalo hudumu siku 14, si 90, hadi Bunge la Taifa liongeze, na kuongeza mara ya kwanza kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Mara zinazofuata, robo tatu. Kila nyongeza haizidi miezi miwili. Mahakama ya Juu inaweza kuulizwa kama tangazo lenyewe ni halali. Hatua ziwe zile tu ambazo dharura inazilazimisha, kwa hiyo maswali yetu ya eneo, saa, watu na muda yanarudi, safari hii yakiwa makali zaidi. Sheria ya dharura haiwezi kumkinga ofisa aliyetenda kinyume cha sheria. Na zile haki za Ibara ya 25 zinabaki pale pale, kwa hiyo mkunga angepelekwa mbele ya hakimu vile vile.

Nje ya mipaka ya nchi, Kenya ingepaswa pia kuzijulisha nchi wanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, kupitia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, haki zipi imeziweka kando na kwa nini. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu umeenda mbali zaidi ya hapo: hauna kabisa kifungu kinachoiruhusu nchi kuweka haki kando wakati wa dharura. Kwa wanaotumia mkataba huo, kilichopo ni mipaka ya kawaida tu, na mipaka hupimwa.

Jambo la mwisho ninalowaambia wanafunzi kabla ya kukusanya karatasi linahusu tarehe. Jaji Korir aliipima kafyu siku ya 21 tangu ianze. Alichokiona siku hiyo ni amri ya siku 30, dhidi ya ugonjwa ambao dunia ilikuwa bado inaujifunza, na kwa kiasi hicho ilisimama. Hakuipima kafyu ya siku ya 200, wala ya siku ya 500, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameifikia. Uwiano hupimwa kwa hali iliyopo, na mwananchi anaweza kurudi mahakamani hali inapobadilika, akiwa na ushahidi mpya, dhidi ya amri ile ile iliyoshinda mara ya kwanza.

Kafyu ile iliondolewa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 20 Oktoba 2021, miezi karibu 19 baada ya jioni ya Likoni. Ilikuwa Siku ya Mashujaa, sikukuu ambayo tarehe yake inatokana na Oktoba 1952, gavana wa kikoloni alipotangaza hali ya hatari na wapigania uhuru wakatolewa majumbani mwao usiku.